Tangazo la Kazi Lisilo na Kazi

Mwezi wa Agosti mwaka jana, katika ubao wa matangazo wa parokia moja ya kusini mwa Tanzania, kati ya ratiba ya mafundisho na orodha ya wachangiaji wa paa, palibandikwa karatasi iliyosomeka hivi: "Nafasi za kazi. Kampuni inayokua kwa kasi inahitaji wahasibu, makatibu muhtasi, maafisa masoko, madereva na watunza ghala kwa vituo mbalimbali nchini. Mwombaji aambatanishe nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, picha mbili, majina ya wadhamini watatu, na aandike mshahara anaoutarajia. Maombi yanapokelewa wakati wote."

Binti mmoja mwenye stashahada ya uhasibu aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaenda mjini kutafuta wakili. Alilipa nauli, akalipa muhuri kwa kila cheti, akapiga picha, akatuma bahasha yake kwa basi hadi Dar es Salaam. Baada ya siku tisa alipigiwa simu, akapongezwa kwamba maombi yake ni mazuri, akaambiwa maneno ambayo yeye aliyashika kama mkataba: "Kaa karibu na simu."

Alikaa. Ulipofika mwezi wa Oktoba na msimu wa korosho kufunguliwa, chama cha ushirika cha msingi cha kijijini kwao kilimtaka awe karani wa mizani kwa msimu mzima. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilikuwa kazi: mzani upo, magunia yapo, wakulima wapo, na malipo yanajulikana. Binti akakataa, kwa sababu hakutaka kuitwa Dar es Salaam akakutwa amefungwa na mizani. Nafasi ile alipewa mwingine. Msimu ukaisha, na simu haikulia.

Wengi waliosikia habari hii walisema, "Bahati mbaya." Wengine wakasema, "Hakuwa na sifa." Sisi hatukubali lolote kati ya maneno hayo. Binti huyu hakushindwa katika ushindani wowote, kwa maana ushindani haukuwapo. Hakuna mtu aliyeipata kazi ile, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwapo. Kilichokuwapo ni ghala la majina, na yeye alipeleka gunia lake ghalani akidhani anapeleka sokoni.

Tofauti iliyofichwa

Kuna matangazo ya namna mbili ambayo kwa nje yanafanana kama mapacha. La kwanza ni la nafasi iliyo wazi. Mahali fulani kuna kiti kisicho na mtu, kuna mkuu anayemhitaji mtu huyo, na kuna fedha iliyokwisha kutengwa kwa mshahara wake. La pili ni la kukusanya majina. Anayelitoa hana kiti cha kumkalisha mtu, ila anataka awe na orodha ya watu mkononi ili, kiti kikitokea kesho au mwakani, asianze kutafuta upya.

Hatusemi kwamba kukusanya majina ni kosa. Serikali yenyewe hufanya hivyo, na hufanya kwa uwazi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwahifadhi katika kanzidata baadhi ya waombaji waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa hazikutosha, na huwapangia vituo nafasi nyingine za aina ile ile zinapotokea. Angalia, ndugu msomaji, mpangilio wa mambo. Kwanza palikuwa na nafasi za kweli. Pili, mtu alifanyiwa usaili na kuufaulu. Tatu, anajua kwamba yumo katika kanzidata na hayumo katika ajira. Mtu wa namna hiyo anaweza kuendelea na shughuli zake kwa moyo uliotulia.

Tunachokilaani ni kukusanya majina huku ukisema unaajiri. Dhambi ya tangazo lile la ubaoni haikuwa katika kile lilichosema, bali katika sentensi moja ambayo halikuisema: kwa sasa hatuna nafasi. Sentensi hiyo ingeandikwa juu kabisa, binti angeamua mwenyewe kama anataka kutumia fedha yake na msimu wake. Aliyeifuta alimnyang'anya uamuzi huo.

Kwa nini wanafanya hivyo

Sababu ya kwanza ni zabuni. Kampuni nyingi huishi kwa kuomba kazi kwa watu wengine: kuendesha mradi, kutoa ushauri wa kitaalamu, au kuwatafutia wafanyakazi wenye migodi na viwanda. Katika zabuni za namna hii anayetoa kazi huuliza mapema, "Mnao watu?" Katika zabuni za ushauri zinazogharimiwa na Benki ya Dunia, kwa mfano, mwombaji hutakiwa kuambatanisha wasifu wa wataalamu wake muhimu, na wasifu huo hupimwa na kupewa alama. Basi kampuni hutafuta majina kabla haijapata kazi. Ikishinda, baadhi ya majina hayo huitwa. Ikishindwa, karatasi hubaki kabatini. Na kwa kuwa waombaji wa zabuni moja ni wengi na mshindi ni mmoja, walio wengi kati ya waliotoa majina yao wamekwisha kuikosa kazi kabla mtu yeyote hajawasoma.

Sababu ya pili ni biashara ya uwakala. Wakala wa ajira hulipwa na mwajiri anapompelekea mtu anayefaa, na mara nyingi mwajiri mmoja hupeleka haja yake kwa mawakala kadhaa. Anayewahi ndiye anayelipwa. Kwa hiyo wakala mwenye majina elfu moja kabatini humshinda mwenye majina hamsini. Kwake tangazo lisilo na kazi ni nyavu iliyotandazwa usiku, naye atakuja asubuhi kuona kilichoingia.

Sababu ya tatu ni ndogo lakini ina hila. Lile swali la "mshahara unaoutarajia" likijibiwa na watu mia mbili, mwenye tangazo amepata bure habari ambayo angelazimika kuilipia: wahasibu wa nchi hii wako tayari kufanya kazi kwa kiasi gani. Siku atakapokuwa na nafasi ya kweli, atajua ni wapi pa kuanzia kuishusha.

Katika sababu zote hizi, faida iko upande mmoja na gharama iko upande wa pili. Watatuambia, "Sisi hatumtozi mwombaji hata senti moja." Ni kweli, na hatuwaiti matapeli. Tapeli huomba fedha ya fomu au ya vipimo, kisha hutoweka. Huyo tunamjua, na mahali pake ni polisi. Huyu wa pili ana ofisi, ana kibao mlangoni, na hachukui fedha. Lakini wakili alilipwa, basi lililipwa, mpiga picha alilipwa, na msimu wa korosho ulipotea. Je, mzigo huo haukuwa wa mtu?

Nafasi ya kweli huonekanaje

Anayetaka kujifunza sura ya nafasi ya kweli asome tangazo la halmashauri ya wilaya linalotafuta watendaji wa vijiji au madereva. Lugha yake ni kavu, lakini imebeba mambo. Mkurugenzi huanza kwa kusema kwamba amepokea kibali cha ajira, akataja kumbukumbu namba ya kibali hicho, tarehe yake na ofisi iliyokitoa. Kisha hutaja cheo, na mbele yake idadi: nafasi tano, au nafasi moja. Hufuata majukumu, sifa za mwombaji, ngazi ya mshahara kwa herufi, kama vile TGS B, na mwisho siku ya kupokea maombi.

Hayo si mapambo ya kiofisi. Kibali maana yake ni kwamba kiti kimehesabiwa katika ikama, na mwenye mamlaka ya kuruhusu ameruhusu. Idadi maana yake ni kwamba mtu amevihesabu viti. Ngazi ya mshahara maana yake ni kwamba fedha imefikiriwa kabla ya mtu kuitwa. Siku ya mwisho maana yake ni kwamba kuna watu watakaokaa kuchambua maombi baada ya siku hiyo, kwa sababu kazi inasubiri.

Kampuni binafsi hailazimiki kuwa na kibali cha serikali wala kutangaza mshahara. Hata hivyo, nafasi ya kweli ya kampuni huacha alama zile zile kwa namna yake. Hutaja cheo kimoja, au vyeo vichache vyenye maelezo mbalimbali, na haichanganyi mhasibu na dereva katika sentensi moja. Hutaja kituo cha kazi kwa jina: Masasi, Tunduru, Lindi. Husema mwajiriwa ataripoti kwa nani, maana kiti cha kweli kina kiti kingine juu yake. Hueleza kazi ya siku kwa siku kiasi kwamba aliyewahi kuifanya anaitambua: kusuluhisha hesabu za benki kila mwezi, kusimamia fedha ya matumizi madogo, kuandaa marejesho ya kodi.

Sasa rudi kwenye karatasi yetu ya Agosti, uipime kwa vipimo hivyo. Kazi tano zimetajwa kwa pumzi moja. Idadi ya nafasi haikutajwa. Vituo ni "mbalimbali nchini", yaani popote, yaani bado hapajulikani. Hakuna mkuu, hakuna majukumu, hakuna siku ya mwisho. "Maombi yanapokelewa wakati wote" ni neno la ghala, si neno la mwajiri. Mwenye kiti kitupu ana haraka. Tena karatasi ile ilidai mengi kutoka kwa mwombaji na kutoa machache juu ya kazi. Kipimo hiki kinatosha kumwamsha mtu: hesabu yale tangazo linayotaka kuyajua juu yako, kisha hesabu yale linayokuambia juu ya kazi.

Yako pia maneno ya kuangalia kwa makini, kwa sababu mara nyingine wenye tangazo husema ukweli kwa sauti ndogo. "Nafasi zinazotarajiwa", "itategemea kupatikana kwa ufadhili", "endapo zabuni itapatikana", "kwa mahitaji ya baadaye". Anayeandika hivyo amesema kweli, na tumpe haki yake. Kazi ni kwako wewe msomaji kuyaona maneno hayo, nayo kwa kawaida yako mstari wa mwisho. Na tangazo lile lile likirudi mwezi hadi mwezi, likiwa limebadilishwa tarehe tu, jiulize ni kiti gani hicho kisichojaa kamwe.

Lakini tusiwafundishe watu wetu kuhukumu kwa alama moja. Mwenye duka anayebandika "Natafuta msichana wa kuuza duka" hataji ngazi ya mshahara wala kumbukumbu namba, na bado kazi yake ni ya kweli. Kaunta yake unaiona. Wakala naye anaweza kuficha jina la mwajiri kwa sababu halali, ili wakala mwingine asimnyang'anye mteja. Na kinyume chake, mkusanya majina anaweza kuandika siku ya mwisho ya uongo ili watu waharakishe. Hata nafasi ya kweli yaweza kufutwa katikati ya safari, kibali kikisitishwa au bajeti ikikatwa. Kwa hiyo alama zinatupa mashaka au matumaini, hazitupi hukumu. Hukumu hutafutwa kwa kuuliza.

Maswali matatu

Mwezi wa Machi kamati ya haki na amani ya parokia ile iliamua kuuliza. Mama mwenyekiti alipiga simu katika ofisi iliyotajwa kwenye tangazo. Kijana aliyepokea alimwamkia kwa adabu, naye baada ya kumwitikia akamwuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: "Mwanangu, hii nafasi ya mhasibu ni mpya, au kuna mtu aliyeondoka?" Kila kiti kitupu kina historia. Mtu amestaafu, amehama, amefariki, au kazi imeongezeka na kiti kipya kimeundwa. Mwenye nafasi ya kweli hujibu swali hili bila kufikiri. Kijana alisema, "Inategemea, mama."

Swali la pili: "Usaili ni lini, na nani atakayeamua?" Mwenye nafasi anaweza asijue siku kamili, lakini anajua ni wiki hii au mwezi ujao, na anajua ni meneja gani anayemngoja mtu huyo. Kijana alisema, "Tutawajulisha watakaohitajika."

Swali la tatu: "Mshahara wa mtu huyu umekwisha kuidhinishwa, au unangoja jambo fulani litokee kwanza?" Hapo kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa unyofu, na tunamshukuru kwa hilo: "Mama, nikwambie ukweli. Kwa sasa hatuna nafasi. Tuliomba zabuni ya kutafuta wafanyakazi kwa ajili ya kampuni nyingine, hatukuipata. Tunaendelea kukusanya."

Simu hiyo haikuchukua dakika tano. Ingepigwa Agosti, binti angekuwa kwenye mizani Oktoba. Ndiyo maana tunasema maswali haya yaulizwe kabla ya kwenda kwa wakili, si baada yake. Anayejibu kwa kukwepa mara tatu amekwisha kukujibu. Na anayekasirika kwa kuulizwa kama ana kazi, wakati yeye ndiye aliyetangaza kazi, huyo usimpelekee hata picha.

Tunachodai

Kwa wenye makampuni na mawakala tunasema hivi. Kama mnakusanya majina, semeni mnakusanya majina, na mseme juu ya karatasi, si chini yake. Semeni mnakusanya kwa ajili ya nini na mtayaweka kwa muda gani. Msidai vyeti vilivyogongwa mihuri kwa kazi isiyokuwapo. Wasifu wa ukurasa mmoja unatosha kuingia ghalani, na vyeti vitaletwa siku kiti kitakapoonekana. Na zabuni ikianguka, wajulisheni wenye majina. Ujumbe mmoja mfupi wa simu ungemfungua mtu aliyejifunga mwenyewe akiwangojea ninyi.

Wala hili si ombi la hisani tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na halali, mwenyewe ajulishwe lengo hilo, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Jina, umri, picha, vyeti na namba za wadhamini ni taarifa binafsi. Anayezikusanya kwa kusema "ajira" huku lengo lake ni zabuni ameficha lengo. Mwombaji anayo haki ya kuuliza taarifa zake ziko wapi na kutaka zifutwe, na asiposikilizwa anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Binti yetu alisaidiwa na kamati kuandika barua ya namna hiyo, ya aya mbili. Alijibiwa kwamba bahasha yake imeondolewa.

Kwa viongozi wa walei tunasema kwa uzito zaidi, maana ubao ule ni wa kwetu. Karatasi iliyobandikwa penye matangazo ya parokia huvaa heshima ya parokia; watu huiamini kuliko ile iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Aliyeibandika hakuulizwa lolote, na sisi tuliipita kila Dominika. Basi tangazo lolote la kazi lisipandishwe ubaoni wala kusomwa mbele ya waamini mpaka mtu mmoja wa kamati awe amepiga simu na kuuliza yale maswali matatu. Majibu yaandikwe kwa kalamu pembeni mwa karatasi: nafasi ngapi, wapi, usaili lini, nani aliyejibu. Kama ni ghala la majina, liandikwe hivyo kwa herufi kubwa, kisha anayetaka kupeleka jina lake apeleke akijua.

Na kwa kijana anayengoja: kupeleka jina ghalani si kosa, ila usilingojee. Aliyekuambia ukae karibu na simu hakukuahidi chochote, na simu unaweza kuibeba mfukoni hadi kwenye mizani. Kazi iliyopo leo, hata ikiwa ya msimu mmoja, usiiache kwa ajili ya kiti ambacho hakuna aliyekiona. Ikiwa kweli kiti kipo, mwenye kiti ataweza kukuambia kiko wapi, kilikuwa cha nani, na lini utakikalia.

Msimu mwingine wa korosho utafunguliwa Oktoba. Karatasi ile ya Agosti imeondolewa ubaoni. Lakini nyingine zinakuja, kwa karatasi na kwa simu za mkononi, nasi tukizipokea tena bila kuuliza, hatutaweza kusema mara ya pili kwamba hatukujua.